Watoto Wanaokua Mbele ya Kamera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watoto hukua kila siku. Kwa nini jambo hili liwasumbue waandishi wa tamthilia?

Kukua kwenyewe hakuna tabu. Tabu ni kwamba tamthilia ina saa mbili, na mara nyingi haziendi pamoja. Ya kwanza ni saa ya hadithi: siku ngapi zimepita katika maisha ya wahusika. Ya pili ni saa ya kamera: miezi au miaka mingapi imepita tangu kazi ya kurekodi ilipoanza. Mtu mzima wa miaka 38 anaweza kuigiza miaka mitano huku hadithi ikisogea miezi miwili tu, na hakuna atakayeshtuka. Mtoto wa miaka 12 hawezi. Miaka mitatu baadaye amerefuka, taya limepanuka, sauti imekuwa nzito, na hadithi bado inadai kwamba jana alikuwa darasa la sita.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandishi siku ya kwanza ni hili: kwa kila mwaka wa kurekodi, hadithi yako itasogea muda gani? Karibu kila kitu kinachojadiliwa hapa chini kinatokana na jibu la swali hilo, au na kutoulizwa kwake.

Kuna mfano unaoonyesha saa hizo mbili zikiachana kabisa?

Upo, na wengi wanaufahamu: Walt wa *Lost*. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Septemba 2004. Walt ni mtoto wa miaka 10 aliyenusurika katika ajali ya ndege kisiwani pamoja na baba yake, Michael. Aliyemwigiza, Malcolm David Kelley, alizaliwa Mei 1992, kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa amemzidi mhusika wake miaka miwili. Tofauti hiyo ni ya kawaida na haina madhara.

Madhara yalikuja na mwendo wa hadithi. Msimu wa kwanza wote, uliochukua miezi minane hewani, unahusu siku 44 tu kisiwani. Wa pili na wa tatu ukaenda kwa mwendo huohuo wa konokono. Msimu wa tatu ulipofika mwisho, Mei 2007, kisiwani zilikuwa zimetimia siku tisini na kitu. Sasa piga hesabu: hadithi imesogea miezi mitatu, na kijana aliyeanza akiwa na miaka 12 ametimiza 15.

Kinachovutia ni jinsi Walt anavyozidi kupotea machoni. Mwishoni mwa msimu wa kwanza anatekwa. Msimu wa pili haonekani sana, na unapomalizika anaondoka kisiwani na baba yake kwa mashua. Ukiitazama hadithi peke yake, haya ni matukio ya kusisimua. Ukiitazama na kalenda mkononi, unaona jinsi yalivyofaa kumwondoa mbele ya kamera mtoto ambaye mwili wake ulikuwa unaumbua saa ya hadithi.

Kisha wakamrudisha. Mwisho wa msimu wa tatu anamtokea John Locke, mmoja wa manusura wenzake, kama njozi, na ni kijana mrefu mwenye mabega. Msimu uliofuata waandishi wakamtia Locke maneno kinywani: aliyemwona alikuwa Walt, ila mrefu zaidi. Walichagua kukiri badala ya kujifanya vipofu. Mimi naona kukiri huko kulikuwa na heshima, lakini hakukurudisha kilichopotea. Msimu wa kwanza ulikuwa umemjenga mtoto huyu kama fumbo kubwa, mwenye uwezo usio wa kawaida, na fumbo hilo halikupata nafasi ya kufumbuliwa vilivyo akiwa bado mtoto.

Si wangeruka tu muda? Mwaka mmoja mbele, basi.

Wangependa, lakini mlango walikuwa wameufunga wenyewe. Kinachoufunga ni taharuki ya mwisho wa msimu.

Ukimaliza msimu mlango unagongwa, bunduki imeelekezwa, mtu ananing'inia kwenye jabali, mtazamaji anasubiri sekunde inayofuata. Huwezi kumrudishia hadithi baada ya mwaka mmoja ukamwambia mambo yaliisha salama. Msimu mpya unalazimika kuanzia palepale ulipokatika, na yule mtoto aliyenyoa ndevu zake za kwanza wakati wa mapumziko anarudi akiwa amevaa fulana ya jana. Kila taharuki ya mwisho ni deni, na kama kuna watoto kwenye hadithi, wao ndio hulipa.

*Stranger Things* inaonyesha vizuri deni hilo linavyokua. Msimu wa kwanza ulitoka 2016 na hadithi yake iko Novemba 1983. Wa pili ulitoka 2017, hadithi ikawa vuli ya 1984. Hadi hapo saa zinakwenda bega kwa bega: mwaka kwa mwaka. Wa tatu ukatoka Julai 2019, hadithi Julai 1985. Pengo limeanza, lakini dogo. Kisha janga la korona likasimamisha kazi, na msimu wa nne haukutoka hadi Mei 2022. Katika hadithi ilikuwa Machi 1986. Yaani karibu miaka mitatu ya kweli dhidi ya miezi minane ya hadithi. Msimu wa tano ukacheleweshwa na migomo ya waandishi na waigizaji ya 2023, ukatoka mwishoni mwa 2025 ukiwa na hadithi ya vuli ya 1987.

Jumla: miaka tisa hewani, miaka minne katika hadithi. Finn Wolfhard, aliyemwigiza Mike, alizaliwa Desemba 2002. Msimu wa mwisho ulipotoka alikuwa anakaribia miaka 23, akiigiza mvulana wa sekondari.

Angalia lakini kwamba katika msimu huo wa mwisho waliruka zaidi ya mwaka mmoja na nusu, ingawa wa nne uliishia pabaya, mji umepasuka na majivu yanadondoka. Waliwezaje? Kwa sababu taharuki ile ilikuwa ya hali, si ya sekunde. Mji uliozingirwa unaweza kubaki umezingirwa miezi ishirini. Bunduki iliyoelekezwa haiwezi kubaki imeelekezwa hata siku moja. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ningemfundisha kwanza mwandishi anayeanza: maliza msimu kwa hali inayoweza kudumu.

Mruko wa muda unaofaa ni wa ukubwa gani?

Ni ule unaozirudisha saa mbili pamoja, na ikiwezekana uipe hadithi nafasi ya kutangulia kidogo. Kutangulia huku watu wengi hawakufikirii. Kijana wa miaka 14 akiigiza wa 16 haonekani kituko. Wa 15 akiigiza wa 10 hata asiyefuatilia atacheka.

Kazi bora ninayoijua kwa upande huu ni *Mad Men*. Ilionyeshwa kuanzia Julai 2007 hadi Mei 2015, na hadithi inatoka 1960 hadi 1970. Miaka minane ya kweli, kumi ya hadithi. Kiernan Shipka, aliyemwigiza Sally, binti wa mhusika mkuu, alizaliwa Novemba 1999. Alianza na miaka 7 akiigiza mtoto wa miaka kama sita, akamaliza na 15 akiigiza msichana wa 16. Hakuna hata mwaka mmoja ambapo umri wake ulipingana na hadithi.

Walifanyaje? Waliruka kidogo kidogo, tena kati ya misimu, bila tarumbeta. Msimu wa kwanza unaishia Novemba 1960, wa pili unafunguka Februari 1962. Wa tatu unaishia Desemba 1963, wa nne unaanza Novemba 1964. Mtazamaji anarudi, anakuta Sally amerefuka, na hakuna anayemweleza chochote, kwa sababu ndivyo ilivyo ukimtembelea ndugu baada ya mwaka. Hilo liliwezekana kwa kuwa misimu haikuishia kwenye bunduki. Iliishia kwenye uamuzi, au kwenye chumba kitupu.

Na miruko mikubwa, ya miaka mitano au sita?

Inafaa, ila gharama yake hulipwa na wahusika watu wazima. Watoto hunufaika na pengo, kwa sababu kukua ni habari tosha. Watu wazima inabidi ueleze walikuwa wakifanya nini miaka yote hiyo. Kama walikuwa katikati ya vita au njama, jibu la kwamba walisubiri halimridhishi mtu.

George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa *Game of Thrones*, alikutana na ukuta huu akiwa bado kwenye vitabu, kabla ya televisheni. Alikusudia kuruka miaka mitano baada ya kitabu cha tatu ili watoto wake wakue. Akaanza kuandika, akaona kwa watoto inakwenda, ila kwa wanasiasa na wapiganaji haikubali. Akauacha mpango huo.

*The Walking Dead* iliruka miaka sita katikati ya msimu wa tisa, Novemba 2018, na ikafanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu mhusika mkuu alikuwa ameondoka dakika chache tu kabla. Lilikuwa pengo la kweli katika hadithi, basi pengo la muda likakaa juu yake. Judith, aliyekuwa mtoto mdogo wa kubebwa, akatokea kama binti mwenye upanga na bastola, akiigizwa na Cailey Fleming. Kwa tamthilia iliyokuwa imeanza kuchoka, mruko ule ulimpa mtazamaji mtu mpya wa kumfuata bila kuleta mgeni.

Baada ya kuruka, mtazamaji aelezwe vipi?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kosa la kawaida ni onyesho la kwanza ambamo wahusika wawili wanaambiana mambo wanayoyajua: "Tangu mama afariki miaka mitatu iliyopita, umekuwa mtu tofauti." Hakuna anayeongea hivyo. Mwoneshe mtoto akifanya jambo asiloweza msimu uliopita: anaendesha gari, anafungua mlango kwa ufunguo wake, anamjibu baba yake kwa sauti ile ile ya baba. Miaka itahesabika yenyewe.

Ni wakati gani heri kubadilisha mwigizaji?

Pale mtazamaji anapomkumbuka mhusika kwa nafasi yake kuliko kwa uso wake. Ukitaka kipimo rahisi, jiulize: mtoto huyu amewahi kubeba onyesho peke yake? Kama hajawahi, mbadilishe mapema, kabla hujampa mzigo.

*Mad Men* hiyo hiyo inatoa pande zote mbili. Sally aliigizwa na mtu mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wake, Bobby, aliigizwa na wavulana wanne. Na wengi hawakusumbuka, kwa kuwa kwa misimu mingi Bobby alikuwa wa kukaa mezani na kuambiwa akalale. Sina hakika kama niite huo ukatili au busara. Labda vyote. Ila ona uhusiano uliopo: hawakumwandikia mengi, basi akabadilishika, na kwa kuwa anabadilishika, hakukuwa na haja ya kumwandikia mengi. Mtoto akiingia kwenye mzunguko huo hatoki kirahisi.

*Game of Thrones* ilifanya kwa njia ya tatu. Tommen, mdogo wa mfalme, alikuwa mtoto wa pembeni misimu miwili ya mwanzo, akiigizwa na Callum Wharry. Msimu wa nne alikuwa anaelekea kuvaa taji na kupewa mke, kwa hiyo akaletwa Dean-Charles Chapman, aliyezaliwa 1997. Kwa umri ilikuwa sahihi: huwezi kuandika ndoa kwa sura ya mtoto. Kituko kilikuwa kwamba Chapman alikwishaonekana msimu wa tatu kama kijana mwingine wa ukoo huohuo, akauawa humo humo. Wenye macho makali hawakunyamaza.

Mabadiliko hayo yaelezwe ndani ya hadithi?

Katika hadithi nzito, hapana. Mpe mwigizaji mpya onyesho la kwanza pamoja na mtu ambaye mtazamaji anamwamini, amwite kwa jina mapema, na uendelee. Katika vichekesho unaweza kutania. *Roseanne* ilipomwingiza Sarah Chalke kama Becky mpya mwaka 1993, familia ile ilikaa mbele ya televisheni ikijadili kipindi cha zamani ambacho nacho kilibadilisha mwigizaji. Watazamaji wakacheka, jambo likaisha.

Kwa nini watoto wachanga huigizwa na mapacha?

Ni sheria ya kazi. California, kwa mfano, mtoto aliye chini ya miezi sita anaruhusiwa kuwepo kazini saa mbili tu kwa siku, na kati ya hizo, mbele ya kamera dakika 20. Ukiwa na mapacha unapata mara mbili. Ndiyo maana mtoto wa *Full House* aliigizwa na Mary-Kate na Ashley Olsen kwa zamu. Saa hizo huongezeka kadiri mtoto anavyokua, lakini hata wa miaka 9 hadi 15 ana saa tano tu za kazi siku ya shule. Mwandishi anayejaza sehemu nzima kwa maonyesho ya mtoto ataletewa ratiba isiyowezekana.

Mbona katika tamthilia za kila siku mtoto hupelekwa shule ya bweni mwezi huu, akarudi mwakani akiwa na mchumba?

Kwa sababu tamthilia hizo huishi kwa mapenzi, ugomvi na siri za ndoa, na mtoto wa miaka minane hana lolote kati ya hayo. Anabaki mzigo wa bajeti mpaka awe na umri wa kuchumbia, kwa hiyo wanamkuza kwa lazima. *Family Ties*, ambayo wala haikuwa ya kila siku, ilifanya hivyo na Andy: alizaliwa msimu wa tatu, 1985, na msimu wa tano alikuwa tayari mtoto wa kwenda chekechea, akiigizwa na Brian Bonsall.

Hatari haimo kwa mtoto mwenyewe. Imo kwa wanaomzunguka. Ukimwongezea mmoja miaka minane, rafiki yake aliyezaliwa wiki ileile afanyweje? Mama yake ana miaka mingapi sasa? Utajua mambo yameharibika ukiona waandishi wameanza kukwepa siku za kuzaliwa. Kinga yake ni daftari moja la umri wa kila mhusika, na wakikuzwa, wakuzwe wote wa rika hilo.

Je, inawezekana kumficha tu hadi hadithi imfikie?

Kama ana mahali pa kwenda ambapo muda haupimwi. Bran wa *Game of Thrones* haonekani kabisa msimu wa tano, 2015. Alikuwa amefika kwa mwalimu wake chini ya mti, na mafunzo ni kitu kinachoweza kuchukua muda wowote. Aliporudi 2016, Isaac Hempstead Wright alikuwa na umri wa miaka 17 na urefu wake, na hakuna aliyehitaji kueleza. Mtoto wa jirani anayekwenda shule kila asubuhi huwezi kumficha hivyo.

Kompyuta haiwezi kuwarudisha utotoni?

Inaweza, kwa dakika chache. *Stranger Things* ilipohitaji kisengerenyuma cha msichana Eleven akiwa mdogo katika msimu wa nne, mtoto mwingine aliigiza kwa mwili na uso wa Millie Bobby Brown wa zamani ukawekwa juu yake. Kwa kumbukumbu inafaa. Kwa msimu mzima, kila onyesho, gharama na uso wenyewe havivumiliki.

Balehe yenyewe ifichwe au itumike?

Itumike, kama hadithi inaibeba. Katika sehemu ya *Mad Men* iliyoonyeshwa Juni 2012, Sally, akiwa matembezini jijini New York na rafiki yake wa kiume, anavunja ungo. Anamwacha kijana kwenye jumba la makumbusho, anapanda teksi, na kukimbilia kwa mama yake, ambaye misimu yote hawaelewani. Hakuna mwandishi aliyeweza kupanga tukio hilo mwaka 2007. Liliwezekana kwa sababu saa mbili zilikuwa zimekwenda pamoja miaka mitano, na mwigizaji alikuwa na umri unaohusika.

Ukishajua watakua, kuna unachoweza kufanya mapema?

Rekodi mwisho kabla ya mwisho. *This Is Us* ina familia moja katika nyakati tofauti, na watoto watatu wa kipindi cha nyuma waliigizwa na watoto halisi. Waandishi walijua kwamba kisengerenyuma cha sehemu ya mwisho kingehitaji watoto wadogo, na kwamba wakati huo wangekuwa wamekwisha kuwa vijana. Basi wakarekodi maonyesho hayo miaka kadhaa kabla, wakayaweka kabatini. Sehemu hiyo ilipoonyeshwa Mei 2022, watoto walikuwa vilevile: siku ya mapumziko, nyumbani na baba yao, hawana la kufanya.

Sharti lake ni moja, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: uujue mwisho wako wakati meno ya mtoto bado ni ya utotoni.